Kuhesabu CD4 kwa saitometria ya mtiririko: toka tiyubu ya damu hadi namba kwenye fishi

Boti ya kisiwa cha Idjwi inapofunga Bukavu, ndani ya kisanduku cha sampuli mna tiyubu sita za damu zenye vifuniko vya zambarau, na kila fishi iliyofungwa pamoja nazo inauliza jambo moja: CD4 ngapi? Swali ni fupi, lakini kulijibu ni kazi. Mikrolita moja ya damu ina seli nyekundu kama milioni nne au tano, na seli nyeupe elfu nne hadi elfu kumi kwa mtu mzima mwenye afya. Katika hizo nyeupe unatafuta aina moja tu ya limfositi, ile yenye protini ya CD4, ambayo VVU huishambulia. Ukiiweka chini ya darubini haina tofauti yoyote na mwenzake wa CD8: zote mbili ni duara, zote kiini kimezijaa. Tofauti yao haimo katika umbo. Imo katika protini zilizochomoza juu ya utando wa seli, na protini hizo jicho halizioni.

Saitometria ya mtiririko inafanya protini hizo zionekane kwa rangi, kisha inazipitisha seli moja moja mbele ya leza na kuandika mwanga uliotoka kwa kila moja. Mwongozo huu unafuata tiyubu moja kati ya zile sita mpaka namba inapoandikwa kwenye fishi. Baadaye tutaiangalia mashini ya jamii hiyohiyo ambayo haiishii kuhesabu, bali inazitenga seli na kuziweka kando zikiwa hai.

Seli zinavyopangwa mstari

Anza na maji, kwa sababu hitilafu nyingi za saitomita ni za maji kabla hazijawa za mwanga. Ndani ya mashini kuna vijito viwili. Kimoja ni sampuli yako, kile kingine ni maji safi ya chumvi yanayotoka kwenye bidoni kubwa pembeni. Tuyaite maji ya ala, kwa sababu yanaizunguka sampuli kama ala inavyouzunguka ubapa wa kisu. Maji ya ala yanapita kwa kasi kubwa, sampuli inasukumwa polepole katikati yake, na njia inazidi kuwa nyembamba. Vijito hivyo havichanganyiki. Sampuli inavutwa na kubanwa hadi inakuwa uzi mwembamba wa mikroni kumi na kitu hivi, na limfositi yenyewe ina upana wa mikroni 7 hadi 10. Hapo seli hazina nafasi ya kupita mbili sambamba. Zinafuatana kama watu kwenye ubao wa kupandia boti.

Hapo ndipo inapoeleweka kwa nini kitufe cha mwendo wa sampuli si cha kuchezea. Ukikipandisha ili umalize kazi mapema, mashini haizikimbizi seli zaidi. Inaunenepesha ule uzi wa katikati. Uzi ukinenepa, seli mbili zinaweza kuingia kwenye leza pamoja na zikahesabiwa kama moja, na nyingine zitapita pembeni ambako leza haina nguvu, zikaonekana hafifu kuliko zilivyo. Kwa hesabu ya CD4, tumia mwendo uliopendekezwa na watengenezaji wa kiti yako, yaani seti ya vitendanishi vya kipimo, na uuache hapo.

Kila seli inaacha alama gani

Seli inapokata mwali wa leza, inaukata kwa mikrosekunde chache tu. Katika muda huo vipimo kadhaa vinachukuliwa kwa pamoja. Mwanga unaoendelea mbele ukipindwa kidogo unaitwa FSC kwenye skrini, na kwa kadiri fulani unafuata ukubwa wa seli. Mwanga unaorushwa pembeni, kwenye nyuzi 90, unaitwa SSC, nao unafuata vurugu iliyo ndani ya seli: punje, mikunjo, kiini chenye vipande. Limfositi iko laini ndani, kwa hiyo SSC yake ni ndogo. Granulositi imejaa punje, SSC yake inapanda juu. Monositi inakaa katikati.

Vipimo viwili hivyo havihitaji rangi. Rangi zinaingia kupitia kingamwili. Kila kingamwili imetengenezwa ishike protini moja tu, na mgongoni imebebeshwa molekuli inayomeza mwanga wa rangi moja na kutoa mwanga wa rangi nyingine. Huko kumeza na kutoa ndiyo fluoresensi, na mwanga unaotoka siku zote una wimbi refu kuliko ule ulioingia, kwa kuwa sehemu ya nishati imeshapotea njiani. Leza ya buluu ya nanomita 488 ikiigonga rangi inayoitwa FITC, inatoka kijani karibu na 520. Leza hiyohiyo ikiigonga PE inatoka rangi ya chungwa karibu na 575, na ikiigonga PerCP inatoka nyekundu karibu na 675. APC haiitikii buluu. Inahitaji leza nyekundu, na inatoa mwanga karibu na 660. PE, kwa asili yake, ni rangi ya mwani mwekundu wa baharini, ambao ulikuwa unaitumia kunasa mwanga wa jua.

Mwanga wote huo unakusanywa na lenzi moja, unagawanywa na vioo na vichujio, na kila kipande kinaishia kwenye kigunduzi chake. Kigunduzi kinaugeuza mwanga kuwa umeme, na kompyuta inaandika namba. Seli moja inakuwa mstari mmoja kwenye jedwali: FSC kiasi hiki, SSC kiasi hiki, kijani, chungwa, nyekundu, saa ya kupita. Grafu zote unazoziona ni jedwali hilo limechorwa.

Kuna kasoro moja ya maumbile. Rangi hazina mipaka mikali. FITC ina kilele kwenye kijani, lakini mkia wake unafika kwenye chungwa, ndani ya kichujio cha PE. Tuseme kwa kila vipande 100 vya mwanga wa FITC, 20 vinamwagikia kwa PE. Katika kiti yetu FITC imebebwa na kingamwili ya CD3, protini iliyo juu ya limfositi za CD4 na za CD8 pia, na PE imebebwa na ile ya CD8. Basi kila limfositi ya CD4, ambayo kwa kawaida ina CD3 nyingi, itaonekana kana kwamba ina CD8 kidogo, ilhali haina hata moja. Dawa yake ni hesabu inayoitwa kompensesheni: kompyuta inatoa asilimia 20 ya FITC kwenye kila namba ya PE. Utaijua haijatosha ukiona kundi la CD4 limeinama kama mti uliopigwa na upepo, linaelekea upande wa PE kadiri CD3 inavyoongezeka. Ikizidi, kundi linasukumwa upande wa pili na kubanwa kwenye ukingo wa grafu. Ikiwa sawa, kundi linasimama wima, na kitovu chake kinalingana na cha seli zisizo na rangi.

Damu kabla ya mashini

Damu ichukuliwe kwenye tiyubu ya EDTA, ijazwe hadi alama, na igeuzwe juu chini taratibu mara nane au kumi palepale. Isitikiswe. Tiyubu yenye hata donge dogo la damu iliyoganda irudishwe, kwa sababu donge linameza seli nyeupe na namba itatoka chini ya ukweli, tena bila dalili yoyote kwenye grafu.

Usiiweke kwenye frigo. Hili ndilo kosa linalofanywa na watu waangalifu, waliozoea kwamba kila kitu cha labo kinahifadhiwa na baridi. Limfositi zilizopoa zinabadilika, nyingine zinapotea, na seli nyekundu zinakataa kupasuka vizuri. Inatakiwa joto la chumba, nyuzi 20 hadi 25. Mjini Bukavu, kwenye mwinuko wa mita kama 1,500, chumba chenyewe mara nyingi kinakupa karibu kiwango hicho, ila asubuhi za baridi meza inaweza kuwa chini ya 20, na ni vizuri kuacha vimiminika vipate joto la chumba kabla ya kuanza. Lubumbashi mwezi wa 10 tatizo linageuka: joto la mchana linapita 30, na kisanduku kilichoachwa juani nyuma ya motari kinaipika sampuli.

Kwa kiti nyingi, damu ipakwe rangi ndani ya saa 48 tangu kuchukuliwa. Kwa hiyo saa ya kuchukua damu iandikwe kwenye tiyubu. Tarehe peke yake haitoshi. Boti ikikosa safari moja, saa 30 zinakuwa 54, na bila saa iliyoandikwa hakuna wa kujua.

Kazi ya mezani

Kiti tunayoifuata inatumia tiyubu ambayo chini yake mna kidonge kikavu chenye shanga ndogo za plastiki zinazong'aa. Idadi ya shanga imeandikwa kwenye pakiti, na inabadilika kutoka pakiti hadi pakiti. Tuseme ya leo ni 51,200. Shanga hizi ndizo zinazoigeuza mashini kuwa kipimo cha hesabu kamili: mashini haijui imevuta ujazo gani wa damu, lakini ikijua imepitisha shanga ngapi kati ya 51,200, inajua imepitisha sehemu gani ya tiyubu.

1. Washa mashini, acha leza ipate moto kwa nusu saa, pitisha shanga za ukaguzi, na usianze mgonjwa yeyote kabla hazijakubali. Hakikisha bidoni ya maji ya ala imejaa, na ile ya uchafu iko tupu ikiwa na javeli kidogo ndani.

2. Weka mikrolita 20 za mchanganyiko wa kingamwili (CD3, CD8, CD45, CD4) kwenye tiyubu ya shanga, juu tu ya kile kidonge, bila kukigusa na ncha ya pipeti.

3. Geuza tiyubu ya damu mara kumi tena, kisha weka mikrolita 50 za damu kwa pipeti ya kinyume. Maana yake: bonyeza hadi kituo cha pili kabla ya kuvuta, vuta damu, futa ncha kwa nje, halafu toa hadi kituo cha kwanza tu. Damu kidogo itabaki kwenye ncha. Iache, itupe na ncha yake. Damu ni nzito na inanata kwenye ukuta wa ncha, na kwa njia ya kawaida hujui kiasi gani kimebaki. Damu isipake ukuta wa tiyubu kwa juu, kwa sababu itakayokauka pale haitapata kingamwili, na seli zake zitakuja baadaye kama seli zisizo na rangi.

4. Funga, tikisa polepole, weka gizani dakika 15. Kingamwili zinahitaji muda huo kushika, na rangi zinahitaji giza ili zisichuje.

5. Ongeza mikrolita 450 za kimiminika cha kupasua seli nyekundu, kilichopunguzwa sehemu 1 kwa sehemu 9 za maji yaliyochujwa. Tikisa, gizani dakika 15 tena. Tazama dhidi ya mwanga: mchanganyiko ulikuwa na ukungu kama juisi ya maracuja nyekundu, sasa unapaswa kuwa wekundu unaopenyeka, unasoma maandishi nyuma yake. Ukibaki na ukungu, seli nyekundu hazijapasuka, na mara nyingi sababu ni kimiminika cha baridi au kilichopunguzwa vibaya.

6. Usioshe. Ukizungusha kwenye sentrifuji na kumwaga maji, seli na shanga hazitapotea kwa uwiano mmoja, na hesabu yote imekufa.

7. Tikisa vizuri tena kabla tu ya kuiweka kwenye mashini, kwa sababu shanga zinazama. Pitisha hadi upate shanga elfu kumi hivi.

Kuchora mageti

Kwenye skrini sasa kuna vidoti makumi ya elfu, na sehemu kubwa ni takataka: maganda ya seli nyekundu, chembe za damu za kugandisha, vumbi. Geti ni mstari unaochora kuzunguka kundi na kuiambia kompyuta ihesabu waliomo tu.

Anza na CD45 dhidi ya SSC. CD45 ipo kwenye seli nyeupe zote, na takataka hazina. Ndiyo maana kizingiti cha mashini, yaani kiwango ambacho chini yake kitu hakiandikwi, kinawekwa kwenye CD45 badala ya FSC. Ukiweka kizingiti kwenye FSC, maganda ya seli nyekundu yatajaa kwenye faili. Limfositi ndizo zenye CD45 ing'aayo kuliko zote na SSC ndogo. Zizungushie geti. Shanga ziko peke yao, zinang'aa kwa rangi zote hadi ukingoni. Nazo zipe geti lao na uziondoe kwa limfositi.

Ndani ya limfositi, chora CD3 dhidi ya CD4. Zenye vyote viwili ndizo tunazozitafuta.

Mtu anaweza kuuliza CD3 ni ya nini, kama CD4 ndiyo swali. Jibu ni monositi. Nazo zimebeba CD4, ila kidogo, na hazina CD3. Kwenye grafu ya CD4 kuna makundi matatu: zisizo nayo, zenye hafifu, na zenye nyingi. Zile hafifu ni monositi. Mgonjwa mwenye CD4 elfu moja hatadhurika sana zikiingia kwenye hesabu. Mgonjwa wa mia na kitu, namba yake inaweza kubadilika mpaka uamuzi wa dokta ubadilike. Tuuone kwa tiyubu yetu.

Namba yenyewe

Mashini imesimama ikiwa imeandika shanga 10,240 na seli 1,640 zenye CD3 na CD4.

```
CD4 kwa µL = (seli / shanga) × (shanga za tiyubu / µL za damu)
           = (1640 / 10240) × (51200 / 50)
           = 164
```

Shanga 10,240 ni moja ya tano ya 51,200. Kwa hiyo tiyubu nzima ilikuwa na seli 1,640 mara tano, yaani 8,200, na zilitoka kwenye mikrolita 50. Nambari 164 ndiyo inayokwenda kwenye fishi. Mtu mzima asiye na VVU kwa kawaida yuko kati ya 500 na 1,500. Chini ya 200, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2017 unamweka kwenye ugonjwa wa VVU uliosonga mbele, na hapo anatafutiwa kifua kikuu na kriptokokasi hata kama anatembea kwa miguu yake.

Sasa rudia hesabu hiyohiyo na makosa madogo. Monositi 420 zikiingia kwenye geti, seli zinakuwa 2,060, na matokeo ni 206. Mgonjwa amevuka mstari, na vipimo vile havifanyiki. Pipeti ikitoa mikrolita 55 badala ya 50, utaandika 180. Kizingiti kikiwa juu mno kiasi cha kukata shanga, ukabaki na 8,000 pale palipopita 10,240, jibu linakuwa 210, wakati kila kundi kwenye grafu linaonekana zuri. Hili la shanga ndilo baya zaidi, kwa sababu macho yote yako kwenye seli na hakuna anayeziangalia shanga. Mazoea mema ni kuandika kwenye daftari, kwa kila sampuli, shanga ngapi zilipita kwa dakika. Namba hiyo ikishuka ghafla au ikipanda, simama.

Kuna kiasi cha kuyumba ambacho hakiondoki hata ukifanya yote sawa, kwa sababu unahesabu vitu vinavyokuja kwa bahati. Kinakaribia kipeuo cha pili cha idadi uliyohesabu: kwa seli 1,640 ni kama 40, yaani asilimia 2.5. Ungesimamisha mashini kwenye seli 100 tu, kuyumba kungekuwa asilimia 10. Mgonjwa wa CD4 kumi au ishirini anahitaji mashini iachwe ivute muda mrefu zaidi.

Ukaguzi wa bure uliomo ndani ya kiti hii: jumla ya CD4 na CD8 inapaswa kukaribia CD3 yote. Tiyubu yetu ilikuwa na CD4 1,640, CD8 6,100 na CD3 7,900. Jumla ni 7,740, karibu asilimia 98. Imekaa vizuri. Jumla ikishuka hadi asilimia 80, au ikipita 110, tafuta kwenye mageti, kisha kwenye kompensesheni.

Grafu ya saa

Watu wengi hawaifungui grafu ya saa dhidi ya fluoresensi, na ndiyo inayotoa siri za maji. Mtiririko mzuri unaonekana kama mkeka uliotandikwa sawasawa toka mwanzo hadi mwisho. Pengo jeupe katikati ni kiputo cha hewa au uchafu ulioziba njia kwa muda. Mkeka unaopanda au kushuka pole pole unaonyesha uzi wa sampuli umehama kutoka katikati ya leza. Mkeka unaozidi kuwa mwepesi unaonyesha sampuli inaziba. Toa tiyubu, pitisha javeli iliyopunguzwa kwa dakika tano, kisha maji safi kwa dakika tano, halafu rudia sampuli toka mwanzo. Usiunganishe nusu ya kwanza na nusu ya pili.

Umeme nao una mchoro wake. Kuran ikikatika na onduleri ikashika vizuri, huoni kitu. Ikishika kwa kuchelewa, leza inazima na kuwaka ikiwa bado baridi, na rangi zote zinashuka kwa pamoja, SSC ikiwemo. Rangi moja peke yake ikishuka, tatizo ni kingamwili au kigunduzi. Zote zikishuka, angalia leza au maji. Ukubali kupoteza nusu saa ya kusubiri joto lirudi na shanga za ukaguzi zipite tena.

Mwisho wa siku, javeli na maji hayarukwi. Protini za damu zilizokauka kwenye sindano ya kuvutia ndizo zitakazoziba kesho.

Kutoka kuhesabu hadi kutenga

Katika yote haya seli zilizopita ziliishia kwenye bidoni ya uchafu. Mashini ya kutenga inafanya kazi ileile hadi kwenye leza, kisha inaongeza hatua. Mack Fulwyler aliionyesha hatua hiyo mwaka 1965 huko Los Alamos, akiazima mbinu ya printa za wino zinazorusha matone.

Mtiririko unatoka hewani kupitia tundu dogo, mathalani la mikroni 100, na tundu linatetemeshwa. Kwa mtetemo huo uzi wa maji hauanguki ovyo, unakatika kuwa matone yanayolingana, kama 30,000 kwa sekunde kwa tundu la ukubwa huo. Seli inaonwa na leza juu, na inachukua muda fulani kushuka hadi pale uzi unapokatika. Kompyuta inahesabu muda huo. Tone lenye seli inayotakiwa linapokaribia kukatika, mtiririko mzima unapewa chaji ya umeme. Tone linakatika likiondoka na chaji yake, na mtiririko unarudishwa sifuri. Chini zaidi kuna sahani mbili zenye maelfu ya volti kati yake. Tone lenye chaji linavutwa kando hadi kwenye tiyubu yake, lisilo na chaji linaanguka wima kwenye uchafu.

Kila kitu kinategemea ule muda. Ukikosewa kwa tone moja tu, unachaji jirani: tiyubu inajaa matone, mashini inaripoti seli laki tano, na ukiangalia kwenye darubini unakuta maji. Muda unapimwa kwa shanga kila unapoanza, na unahama joto la chumba likibadilika au kiputo kikiingia. Ndiyo maana kwenye mashini hizi kamera inaangalia mahali pa kukatikia bila kupumzika.

Uchaguzi wa pili ni kati ya usafi na wingi. Tone likiwa na seli inayotakiwa pamoja na isiyotakiwa, mashini ya usafi inalitupa, ya wingi inalichukua. Ukizipitisha seli kwa kasi, matone ya namna hiyo yanaongezeka. Kwa mfano, unataka CD4 500,000, nazo ni asilimia 10 ya seli zako, na unapitisha seli 5,000 kwa sekunde. Unapata 500 kwa sekunde, kwa hiyo sekunde 1,000, kama dakika 17 bila kuhesabu zinazotupwa. Ukitafuta seli moja katika elfu, muda uleule unakupa 5,000 tu.

Na tiyubu yetu ya Idjwi haiwezi kupelekwa huko. Kimiminika kilichopasua seli nyekundu kina formaldehidi, na limfositi zake zimekufa zikiwa zimesimama, nzuri kwa kuhesabiwa lakini hazitaota tena. Za kutengwa zikiwa hai zinaandaliwa bila formaldehidi, na virusi vikiwemo navyo viko hai. Tundu la mikroni 100 likiziba nusu, mtiririko unapinda na kurusha ukungu hewani, kwa hiyo damu ya namna hiyo inatengwa tu ndani ya kabati la usalama linalovuta hewa, mlango wa mashini ukiwa umefungwa, na mtiririko ukijizima wenyewe mara tu kamera inapouona umehama.